Shukrani yenye hesabu

Afisa wa ruzuku akifungua barua pepe ya shukrani huwa na mkataba wake karibu. Anataka kujua kwanza kama fedha zote zimehesabiwa, kisha kama kilichoahidiwa kimefanyika, halafu kama kuna jambo lililobadilika ambalo hakuambiwa. Nyuma yake kuna mkuu wake wa kazi, nyuma ya mkuu kuna bodi, na mwaka ujao atakuja mkaguzi wa hesabu kuuliza fedha zile zilikwenda wapi. Atakachojibu siku hiyo ni kile ulichomwandikia wewe.

Upande wa pili yuko katibu wa kikundi, moyo umemjaa. Mradi umekamilika, wazazi wamefurahi, diwani amekuja kwenye makabidhiano. Anaandika aya tatu za kumshukuru Mungu na mfadhili, anasema malengo yamefikiwa kwa asilimia mia moja, anaambatisha picha ishirini na kufunga kwa kuomba awamu ya pili. Hakusema uongo hata mmoja. Lakini afisa hana cha kuandika kwenye faili lake, na baada ya siku chache anatuma maswali manane. Katibu anayasoma na kuona kama ametuhumiwa wizi.

Nimesoma barua za namna hiyo nyingi, na nimefikia kuamini jambo moja: sehemu inayojenga imani kuliko zote ni pale mwandishi anapoeleza tofauti kati ya alichopanga na kilichotokea, kabla hajaulizwa. Shukrani ikibeba tofauti hizo, mfadhili ataiamini na sehemu nyingine yote. Ikizificha, hata picha nzuri hazisaidii.

Tuchukue mfano. Kikundi chenyewe nimekitunga na tarakimu zake pia ni za kutunga, lakini mambo yaliyokipata huvipata vikundi vingi. Ni kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Sehemu hizo mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima hunyesha takriban milimita 500 hadi 600. Shule ya msingi ya kijiji ina wanafunzi 412 na haina bomba. Kila mtoto huja asubuhi na kidumu cha maji kutoka nyumbani, na asiye nacho hurudishwa kukitafuta. Kikundi kiliomba ruzuku ya dola 6,000 kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la jengo la madarasa: matangi mawili ya plastiki ya lita 10,000 kila moja, gata, mabomba, misingi ya kuwekea matangi, na mafunzo kwa kamati ya maji ya shule.

Tofauti ya kwanza ilitokea kabla hata ya saruji kununuliwa. Wakati wa kuandika bajeti walikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, kwa hiyo bajeti yote ilikuwa milioni 15. Fedha zilipoingia benki Agosti, akaunti ilionyesha shilingi 14,686,200. Zimepungua shilingi 313,800, na hakuna aliyezigusa. Dola 30 zilikatwa njiani na benki ya kati iliyopitisha fedha kutoka nje, ndiyo shilingi 75,000 kwa kiwango cha bajeti. Dola 5,970 zilizobaki zilinunuliwa na benki kwa shilingi 2,460 kila moja badala ya 2,500, na hapo zikapungua 238,800 nyingine.

Vikundi vingi hukosea hapa. Katibu anaripoti kwamba walipokea milioni 15, kwa sababu ndivyo mkataba unavyosomeka, kisha anahangaika kutafuta matumizi ya kufikisha hesabu hiyo. Akipungukiwa 313,800 anaweza kushawishika kuongeza posho ambayo haikulipwa au risiti ambayo haikuwapo. Hivyo ndivyo mtu mwaminifu anavyoingia kwenye udanganyifu kwa sababu ya makato ya benki. Dawa yake ni taarifa ya benki. Fedha ulizopokea ni zile zilizoingia kwenye akaunti siku ile, kwa shilingi, na mfadhili anaelewa mambo ya makato na viwango vya kubadilisha fedha kuliko unavyodhani. Ambatisha ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha fedha zikiingia, andika kiwango kilichotumika, na jambo hilo litakuwa limekwisha.

Sasa aya ya kwanza ya barua yao inaweza kusomeka hivi, chini ya kichwa cha barua pepe chenye namba ya ruzuku na maneno "Taarifa ya mwisho: maji ya mvua, shule ya msingi, Kongwa":

"Ndugu Afisa Ruzuku, tunakushukuru, na kupitia kwako tunaishukuru bodi, kwa ruzuku ya dola 6,000. Akaunti yetu iliingiziwa shilingi 14,686,200 baada ya makato ya benki. Tumetumia shilingi 14,570,000 na tumebakiwa na shilingi 116,200. Matangi mawili ya lita 10,000 kila moja yamefungwa na watoto wanayatumia tangu shule ilipofunguliwa Januari. Mambo mawili hayakwenda kama tulivyopanga, nayo tumeyaeleza hapa chini."

Aya hiyo ni fupi na imebeba karibu kila kitu. Afisa mwenye barua hamsini za kusoma anaweza kuishia hapo na bado akajua hali ya mradi. Namba ya ruzuku kwenye kichwa cha barua inafanya ujumbe upatikane hata baada ya miaka mitatu, afisa mwingine akiwa amekalia kiti kile. Na sentensi ya mwisho, inayotaja mambo mawili yaliyokwama, ndiyo itakayomfanya aendelee kusoma.

Baada ya hapo huja jedwali la fedha. Liwe na mistari ileile ya bajeti iliyoidhinishwa, kwa majina yaleyale na kwa mpangilio uleule. Ukibadilisha majina ya mistari, hata kwa nia njema, msomaji atalazimika kulinganisha kwa kukisia. Kwa kila mstari weka kilichopangwa, kilichotumika, na tofauti. Kikundi chetu kilipanga milioni 4.8 kwa matangi kikatumia milioni 5.2. Gata na mabomba yalipangiwa 2,700,000 yakachukua 2,650,000. Misingi na fundi vilipangiwa 4,100,000, lakini matumizi yakaishia 3,480,000. Mafunzo yalipangiwa 1,600,000 yakachukua 1,350,000. Usafiri ulipangiwa 1,200,000 ukafika 1,310,000. Usimamizi na mawasiliano, 600,000, zikatumika 580,000.

Kisha kila tofauti kubwa hupewa sentensi moja au mbili za sababu. Bei ya tangi ilipanda kutoka 2,400,000 hadi 2,600,000 kati ya wakati wa kuandika maombi na wakati wa kununua, na profoma tatu za wauzaji walioulizwa zimeambatishwa. Misingi ilishuka kwa 620,000 kwa sababu wanakijiji walisomba mawe na mchanga wenyewe na kuchimba misingi bila malipo. Mafunzo yalifanyika darasani badala ya ukumbi wa kukodi. Usafiri ulizidi kwa sababu gari lililoleta matangi lilikwama na ikabidi kukodi trekta kwa kipande cha mwisho cha njia. Sababu za namna hii huandikwa kwa maneno ya kawaida. Maneno kama "changamoto za kiuendeshaji" hayamwambii mtu kitu. Trekta inamwambia.

Hapa kuna kanuni ambayo katibu anapaswa kuijua mapema, mwezi wa kwanza wa mradi. Mikataba mingi ya ruzuku ndogo huruhusu mstari wa bajeti kuzidi kwa kiasi fulani, mara nyingi asilimia 10, bila kuomba ruhusa. Ukivuka hapo, ruhusa ya maandishi inatakiwa kabla ya kutumia. Matangi ya kikundi chetu yalizidi kwa shilingi 400,000, yaani asilimia 8 na kidogo ya mstari wake, na usafiri ulizidi kwa asilimia 9. Vyote viwili vimo ndani ya mpaka, kwa hiyo maelezo kwenye taarifa yanatosha. Kama bei ya tangi ingefika milioni 2.8, mstari ungezidi kwa karibu asilimia 17, na barua ya shukrani isingeweza kurekebisha hilo. Ruhusa iliyoombwa baada ya fedha kutumika ni kuomba radhi, na wafadhili wengine hukataa matumizi hayo na kudai fedha yao irudishwe.

Mchango wa wanakijiji unahitaji uangalifu wake. Mawe, mchanga na siku za kazi ni mali kweli, na mfadhili atafurahi kujua. Lakini visiingizwe ndani ya jedwali la fedha kana kwamba ni shilingi zilizopitia akaunti. Viandikwe kando: tripu ngapi za mchanga, watu wangapi walifanya kazi kwa siku ngapi, na nani alitunza orodha. Ukivichanganya, jumla ya jedwali haitalingana na taarifa ya benki, na mkaguzi ataanza kukuuliza maswali kuhusu fedha ambazo hazikuwahi kuwapo.

Kuhusu risiti, barua yenyewe haihitaji kubeba zote. Inatosha kusema ziko wapi na ziko katika mpangilio gani, na kuambatisha za manunuzi makubwa. Lakini lazima ziwepo. Tanzania imekuwa na mashine za risiti za EFD tangu mwaka 2010, na risiti hizo huchapwa kwenye karatasi inayochapika kwa joto. Iache kwenye mfuko wa nailoni au juu ya dashibodi ya gari, na baada ya miezi michache maandishi yamefifia na umebaki na kipande cha karatasi nyeupe. Mhasibu makini hutoa kivuli siku ileile aliyoipokea na kukibana pamoja na risiti halisi. Afisa akitaka kuhakikisha risiti ni ya kweli, ana namba ya uhakiki iliyochapwa juu yake na anaweza kuiingiza kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, verify.tra.go.tz. Muuza mchanga na mwenye trekta hawana mashine hiyo, na hilo linaeleweka. Kwao hujazwa hati ya malipo yenye tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi, jina na saini, na kwa asiyejua kuandika, dole gumba mbele ya shahidi.

Wakaguzi wana macho kwa mambo madogo. Risiti za kuandikwa kwa mkono kutoka kitabu kimoja, namba zikifuatana 031, 032, 033, wakati tarehe zake zimetofautiana kwa miezi mitatu, maana yake duka lile halikuuza kwa mtu mwingine kwa robo mwaka, au vyote viliandikwa siku moja. Orodha ya mahudhurio ya mafunzo yenye saini ishirini zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja humtia shaka hata msomaji mpole. Na matumizi ambayo yote yameishia kwenye sifuri nne au tano, bila hata shilingi 350 ya makato ya kutuma fedha kwa simu, yanafanana zaidi na bajeti kuliko maisha. Katibu mwaminifu anayejaza hati kwa haraka mwishoni mwa mradi anaweza kuonekana mwizi kwa sababu hizi. Ndiyo maana hati hujazwa siku ya malipo.

Sasa tufike kwenye swali la pili, ambalo ndilo gumu: fedha zilifanikisha nini? Katibu wa kwanza ataandika kwamba shule sasa ina maji ya uhakika mwaka mzima. Ni sentensi tamu, na kila mtu kwenye makabidhiano aliisema. Lakini hebu tuipige hesabu, kwa sababu afisa makini ataipiga.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa huleta lita moja ya maji. Paa la jengo lile lina mita za mraba kama 200. Mvua nzuri ya milimita 10 inaleta lita 2,000, na ukiondoa yanayorukia nje, yanayovuja na yanayobaki kwenye bati, tuseme moja ya tano, zinaingia lita 1,600. Kujaza matangi mawili kunahitaji mvua ya milimita 125 hivi, na msimu wa Kongwa unazitoa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo wakati wa masika matangi yanajaa, yanatumika na kujaa tena. Tatizo ni mvua zikikatika. Lita 20,000 kwa wanafunzi 412, kila mmoja akipata lita mbili za kunywa na kunawa mikono, zinakwisha kwa siku 24 za masomo. Kwa lita moja kila mmoja, siku 48. Mvua zikiisha mwishoni mwa Aprili, matangi yatakuwa yamekauka kabla ya likizo ya Juni kama hakuna mgao, na kuanzia Julai hadi Novemba watoto watabeba vidumu kama zamani.

Kuficha jambo hilo ni kujitegea mtego. Mfadhili akija Oktoba kutembelea mradi, atakuta matangi matupu na taarifa inayosema maji ya mwaka mzima. Wakati ukweli wenyewe ni mzuri na unatosha: katika miezi ya mvua mtoto haji tena na kidumu, na mvua zikikatika shule ina akiba ya siku 24. Kikundi kikiandika hivyo, kimesema jambo linaloweza kuthibitishwa na mtu yeyote mwenye kalamu, na wakati huohuo kimeonyesha ni wapi fedha nyingine zingesaidia, bila kuomba.

Kufunga matangi ni kazi iliyofanyika. Mabadiliko katika maisha ya watoto ni jambo jingine, na linahitaji kipimo. Kikundi chetu kilichagua kipimo rahisi kilichokuwapo tayari: daftari la mahudhurio la walimu. Januari hadi Machi ya mwaka uliotangulia, wastani wa waliohudhuria kwa siku ulikuwa wanafunzi 338 kati ya 405, kama asilimia 83. Januari hadi Machi ya mwaka wa matangi ulikuwa 369 kati ya 412, karibu asilimia 90.

Angalia walivyolinganisha miezi ileile. Kama wangelinganisha Januari na Oktoba au Novemba, namba zingewadanganya, maana mahudhurio vijijini hupanda na kushuka kwa kufuata kilimo, mavuno, minada na njaa. Na angalia pia sentensi waliyoiongeza, ambayo mimi naiona ndiyo bora kuliko zote katika barua nzima: "Muhula huohuo wazazi walianza kuchangia uji wa saa nne, kwa hiyo hatuwezi kusema ongezeko lote limetokana na maji. Mwalimu Mkuu anasema jambo analoliona wazi ni kwamba wanaochelewa kwa kutafuta maji asubuhi wamepungua, na kuanzia Februari ameanza kuwaandika."

Katibu mwingine angeuacha uji nje ya barua ili sifa yote iende kwa matangi. Angepata alama sita za asilimia za kujivunia, na angezipoteza siku afisa atakapoongea na mwalimu kwa simu. Vivyo hivyo kuhusu afya. Kishawishi cha kuandika kwamba magonjwa ya kuhara yamepungua ni kikubwa, lakini shule ndogo isiyo na kumbukumbu za wagonjwa haiwezi kulijua hilo kwa miezi mitatu. Wakitaka kulisema siku za usoni, waanze sasa na zahanati ya kijiji, waulize kinachoandikwa kwenye rejista na kama kinaweza kuhesabiwa kwa umri na kwa kitongoji.

Yale mambo mawili yaliyokwama yalikuwa hivi. La kwanza, mvua ya kwanza ya Desemba iliingiza matangini vumbi la miezi saba, majani na vinyesi vya ndege kutoka kwenye bati. Mchoro wa mradi haukuwa na chombo cha kutenga maji ya mwanzo, na fundi hakukisema. Maji yalitoka ya kahawia yakinuka, ikabidi kuyamwaga na kusafisha matangi kwa klorini. La pili, kati ya wajumbe saba wa kamati waliofundishwa, wawili wameshahama kijiji na mmoja hahudhurii vikao, na aliyebaki na ujuzi wa kurekebisha koki ni mmoja tu.

Waliyaeleza kwa mpangilio huohuo: kilichotokea, walivyokijua, walichofanya. Kwa lile la kwanza walikuwa na pendekezo, na hapo zile shilingi 116,200 zilizobaki zikapata kazi. Waliomba ruhusa ya kuzitumia kununua mapipa mawili madogo ya plastiki yenye koki chini, moja kwa kila bomba linaloshuka kutoka kwenye gata. Mvua inapoanza, maji ya mwanzo hujaza pipa kwanza, na likishajaa yanayofuata ndiyo huelekea tangini. Baada ya mvua mtu hufungua koki na kumwaga maji machafu. Kwa paa lile, pipa la lita 50 kila upande linabeba takriban nusu milimita ya mwanzo ya mvua, na sehemu ya uchafu huoshwa nayo. Barua ilisema pia kwamba wasiporuhusiwa watarudisha fedha kwa akaunti watakayoelekezwa. Salio dogo likitajwa mapema na kupewa njia mbili namna hii, hujibiwa haraka. Likinyamaziwa, hubaki kwenye akaunti likikatwa ada ya mwezi, na mwaka unaofuata linakuwa hoja ya mkaguzi.

Shukrani zenyewe zikae wapi, na ziwe za namna gani? Kwa mawazo yangu, ziwe mwanzoni kwa sentensi moja na mwishoni kwa aya moja fupi, na zitaje kitu mahususi ambacho mfadhili alifanya. Kikundi chetu kiliandika: "Tunakushukuru kwa kutuongezea miezi mitatu hadi Aprili, ili tupime baada ya mvua badala ya kuripoti matangi makavu. Bila hilo tusingegundua tatizo la maji ya mwanzo." Huyo afisa alilazimika kumtetea mtu mbele ya bosi wake ili kuongeza muda, na sasa ana ushahidi kwamba alifanya vizuri. Maneno kama hayo yana uzito kuliko kumwita mfadhili mkombozi wa wanyonge. Ruzuku ni makubaliano ya watu wazima wawili: mmoja ana fedha na lengo, mwingine ana watu, mahali na kazi. Wanakijiji waliosomba mawe hawakuwa wakipokea sadaka, na barua isiwaandike hivyo.

Ombi la awamu ya pili lisiingie humu. Likiingia, kila namba iliyotangulia inaanza kusomwa kama tangazo la biashara. Atakayetaka kuomba tena aandike barua nyingine baada ya taarifa hii kupokelewa na kufungwa.

Bado kuna picha. Tatu au nne zinatosha, kila moja ikiwa na maelezo ya mahali, mwezi na kinachoonekana: msingi kabla ya tangi, gata ilivyoungwa, koki na pipa chini yake. Picha za simu ni nzito, na Gmail haipitishi ujumbe wenye viambatisho vinavyozidi MB 25, kwa hiyo picha ishirini zinaweza kuifanya barua isifike kabisa huku mwandishi akidhani imefika. Zipunguzwe ukubwa, na kila faili lipewe jina linaloeleweka badala ya namba za kamera. Jambo zito zaidi ni nyuso za watoto. Barua hii itapelekwa mbele kwa watu ambao kikundi hakiwajui, na pengine picha itaishia kwenye kipeperushi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Hata kama sheria hizo zisingekuwapo, mzazi ana haki ya kuulizwa kabla uso wa mwanawe haujasafiri. Mikono inayonawa kwenye koki inaonyesha maji yakitumika sawasawa na uso unaotabasamu.

Barua ikishatumwa, kazi inayobaki ni ndogo lakini wachache huifanya. Oktoba, kiangazi kikiwa kimekolea, kikundi kiandike ujumbe mwingine wa mistari mitano tu bila kuombwa: matangi yaliisha tarehe gani, watoto walirudi kubeba vidumu lini, mapipa ya maji ya mwanzo yamefungwa na yalinunuliwa kwa kiasi gani, kamati imekutana mara ngapi na ina shilingi ngapi za kununulia koki nyingine. Kivuli cha risiti ya mapipa kiambatishwe, na salio la akaunti ya mradi lisomeke sifuri.